Bosi wa Zamani Hajakusahau, Amesahau Tarehe

Tangu niache kusimamia zamu kwenye kiwanda cha kufungasha maparachichi, ujumbe unaonifikia mara nyingi kutoka kwa vijana niliofanya nao kazi ni huu: "Shikamoo mama." Basi, hakuna kingine. Naitikia marahaba jioni nikishatoka shambani. Kesho yake mchana inaingia "Naomba nikusumbue kidogo mama," nami najibu sema tu mwanangu. Siku ya tatu ndipo ombi lenyewe linatua: kuna kazi ameomba, anataka rekomendesheni, na mwisho wa kupokea maombi ni kesho saa kumi. Muda tulioumaliza kwenye salamu ungetosha barua kuandikwa, kusainiwa na kufika inakokwenda.

Sina ugomvi na salamu. Huku Rungwe mtu anayekurupuka na shida yake bila kukujulia hali tunamwona ametoka porini. Ila salamu na ombi vinakaa vizuri tu ndani ya ujumbe mmoja, na aliyeviweka pamoja hajamkosea mtu heshima. Ninayemlalamikia ni yule anayesubiri niitikie ndipo aendelee, kana kwamba tuko mlangoni. Kwenye simu ya mtu mwenye shughuli zake, kila hatua ya namna hiyo inakula siku nzima.

Sasa niseme kinachotokea upande wangu ombi likishafika, maana waombaji wengi wanadhani bosi wa zamani anapochelewa ni kwa sababu hataki. Mara nyingi anataka. Kinachomkwamisha ni kumbukumbu. Nimesimamia watu wa msimu kwa misimu mingi, na sura zao ninazo, tabia zao ninazo, hata nani alikuwa anaimba akipanga katoni nakumbuka. Ninachokosa ni tarehe. Huyu aliingia mwaka gani? Cheo chake kwenye mkataba kiliandikwaje, mpokeaji mzigo au mkaguzi wa ubora? Aliondoka mkataba ulipoisha au aliacha katikati? Barua naielekeza kwa nani? Naituma mimi au nampa yeye? Wanataka barua kweli, au wanataka tu namba yangu ya simu? Kila swali ni dogo, lakini yakikusanyika saba au manane, barua inawekwa pembeni mpaka "nikitulia". Na kutulia huku kwetu wakati wa mavuno hakupo.

Kuna jingine ambalo waombaji hawalifikirii. Mimi siko tena pale kiwandani, kwa hiyo karatasi yenye nembo ya kampuni sina na mhuri sina. Nikiandika, naandika kama mtu aliyekusimamia, kwa jina langu na namba yangu, nikieleza kwamba kati ya mwezi fulani na mwezi fulani ulikuwa chini yangu. Hiyo ni barua halali kabisa na waajiri wengi wanaipokea, lakini kama tangazo linadai barua yenye mhuri wa mwajiri, mimi si mtu wa kuniomba. Hapo unakwenda ofisi ya rasilimali watu ya kampuni yenyewe.

Na kule ofisini kuna karatasi ambayo ni haki yako na haihitaji kumbembeleza mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi ajira inapokoma. Hati hiyo inathibitisha kwamba ulikuwepo. Haisemi ulikuwa mtu wa namna gani, na wala si kazi yake. Nimeona kijana akimzungusha bosi wake wa zamani wiki nzima kwa karatasi ambayo ingetolewa na karani wa utumishi. Kwa hiyo kabla hujanyanyua simu, soma tangazo tena ujue wanachotaka ni kipi: hati ya utumishi, barua ya mapendekezo, au majina ya wadhamini tu. Maombi ya kazi za serikali yanayopitia Sekretarieti ya Ajira, kwa mfano, kwa kawaida yanataka majina ya wadhamini watatu na mawasiliano yao. Hapo huhitaji barua. Unachohitaji ni ruhusa ya mtu na namba yake inayopatikana.

Nije kwa kijana mmoja ambaye ujumbe wake niliutunza. Alikuwa kitengo cha mapokezi, pale lori linaposhusha kreti za wakulima, zinapimwa, matunda yanakaguliwa na mkulima anapewa stakabadhi. Mwaka 2025 aliomba nafasi ya msimamizi wa ubora kwenye kiwanda kingine upande wa Njombe. Alinipigia kwanza, sikupokea, na badala ya kunipigia tena na tena alituma huu kwenye WhatsApp. Nauweka kama ulivyo, jina nimeliondoa kwa ruhusa yake:

"Shikamoo mama. Ni (jina), wa mapokezi zamu ya mchana, msimu wa 2021 na wa 2022. Natumaini nyumbani hamjambo na chai inaendelea vizuri. Mama nina ombi. Naomba kazi ya msimamizi wa ubora kwenye kiwanda cha maparachichi Njombe. Wanataka barua mbili za mapendekezo, moja iwe ya mtu aliyenisimamia, na wewe ndiye uliyeniona nikifanya kazi kwa karibu zaidi. Je, unaweza kuniandikia barua itakayonisemea vizuri? Mwisho ni Ijumaa tarehe 28 Machi, zimebaki wiki tatu. Kama ratiba imebana, au unaona kuna mwingine anayenifaa zaidi kwa hili, niambie tu mama, sitakwazika. Ukikubali, leo jioni nakutumia kwenye barua pepe tarehe zote na mambo ya kukumbushia, usihangaike kutafuta."

Mtazame alivyofanya. Salamu ipo, na si ya kubandika tu. Anajua nina kishamba cha chai. Amejitambulisha kwa zamu na msimu, kwa sababu mtu akibadilisha laini ya simu mimi naona namba tupu. Amesema kazi gani, wapi, barua ngapi, na kwa nini mimi. Tarehe ya mwisho ipo mapema. Halafu kuna maneno mawili ambayo nadhani ndiyo yaliyobeba ujumbe wote: "itakayonisemea vizuri". Hakuuliza kama naweza kuandika barua. Barua naweza. Aliuliza kama ninayo mazuri ya kusema, na papo hapo akanifungulia mlango wa kutokea bila aibu.

Mlango huo una maana kuliko watu wanavyodhani. Sisi watu wa huku si wepesi wa kusema hapana usoni kwa mtu. Ukimwomba bosi ambaye hakuridhika nawe, atakubali kwa mdomo, kisha ataandika barua iliyopoa: "Namfahamu ndugu huyu. Alifanya kazi kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Alikuwa anafika kazini kwa wakati. Namtakia kila la heri." Anayezisoma barua hizi kila siku anajua kusoma ukimya. Mtu anayeomba kusimamia watu, na msimamizi wake wa zamani hana la kusema ila kwamba alikuwa hachelewi, amesemwa vibaya bila neno baya hata moja. Bora bosi huyo apewe nafasi ya kukwepa mapema ukatafute mwingine. Na ukishamwomba, zisome dalili. "Nikumbushe wiki ijayo" inaweza kuwa ratiba kweli. "Tutaongea" ya kwanza ivumilie. Ikija "tutaongea" ya pili bila siku wala saa, hiyo ni hapana iliyovaa kanzu. Mshukuru, omba kwingine, usimfuate.

Nilijibu kijana kwamba alete hayo maelezo. Jioni ile ile barua pepe ikaingia, na kichwa chake kilikuwa na jina lake, neno "mapendekezo" na tarehe ya mwisho, kwa hiyo hata wiki mbili baadaye niliitafuta nikaipata mara moja. Ndani alianza na mambo ya kiutendaji kwa mistari michache: barua ielekezwe kwa meneja rasilimali watu, isizidi ukurasa mmoja, iwe na saini na namba yangu ya simu, itumwe kwa mfumo wa PDF moja kwa moja kwenye anwani waliyoitoa kwenye tangazo, nakala kwake si lazima. Tangazo lenyewe na wasifu wake mpya alikuwa ameviambatisha.

Kisha tarehe. Aliingia Februari 2021 kama mpokeaji mzigo. Januari 2022 akafanywa kiongozi wa kundi la watu sita. Oktoba 2022 aliondoka, mkataba wa msimu ulipoisha. Mistari mitatu hiyo ingenigharimu simu kadhaa kwa watu ambao nao wangesema "subiri nikumbuke".

Kisha likaja jambo ambalo wengi hawaliweki. Alichambua tangazo na kunieleza kwamba mwajiri anasisitiza mambo matatu: kutunza kumbukumbu, kuongoza wafanyakazi wa msimu, na kuelewana na wakulima. Hakuniambia nimsifie kwa hayo. Alinipa shabaha tu. Bila hilo ningeandika kuhusu uvumilivu wake usiku lori linapokwama kwenye tope, jambo ambalo ni kweli na zuri, lakini kule Njombe hawakuliuliza.

Sehemu ya mwisho aliiita "mambo ya kukumbushia", na alikumbushia matukio mawili na upungufu mmoja.

La kwanza lilihusu mizani. Mizani ya mapokezi ilikuwa na stika ya Wakala wa Vipimo kama inavyotakiwa, lakini stika inasema mizani ilikuwa sawa siku ilipokaguliwa. Yeye alikuwa na kawaida ya kuweka jiwe la kilo 20 kila asubuhi kabla lori la kwanza halijashusha, na kuandika usomaji kwenye daftari. Asubuhi moja mizani ikasoma pungufu kwa nusu kilo. Akasimamisha mapokezi akaniita, wakati wakulima wamesimama foleni na madereva wanapiga honi. Nusu kilo ni ndogo kwa mtu anayenunua sokoni Mwanjelwa. Kwa mkulima mwenye kreti hamsini ni kilo 25 zimepotea hewani.

La pili lilikuwa la stakabadhi. Maparachichi ya kusafirishwa nje yanakataliwa kwa sababu zinazoeleweka: tunda changa, ambalo likifika huko litanywea badala ya kuiva, tunda lenye kovu la jua, tunda lenye alama za wadudu, tunda lililochumwa bila kubakizwa kikonyo, maana pale kikonyo kilipong'oka ndipo vimelea vya kuoza vinapoingilia njiani. Sisi tulizijua sababu hizo. Mkulima alichokiona ni kwamba amekuja na kreti zake na nyingine zimerudishwa. Kijana huyu alianza, bila kuagizwa, kuandika sababu kwenye stakabadhi pembeni ya uzito, mbele ya mkulima mwenyewe, kabla hajasaini.

Upungufu aliutaja mwenyewe: msimu wa kwanza alikuwa mzito kwenye kompyuta, akawa anaandika daftarini halafu mwingine anamwingizia. Alijifunza kati ya msimu na msimu. Aliniambia kama ninaona inafaa niseme, niseme. Kama haifai niache. Niliisema. Barua isiyo na kasoro hata moja inasomeka kama imeandikwa na mama mzazi.

Kumbe kazi yangu ilikuwa imebaki nusu. Hii ndiyo aya niliyoandika juu ya stakabadhi:

"Msimu wa 2022 alikuwa akipokea mzigo wa wakulima wadogo. Malalamiko yalikuwa mengi, kwa sababu mkulima alirudishiwa matunda bila kuelezwa kwa nini. Kwa uamuzi wake mwenyewe alianza kuandika sababu ya kukataliwa kwenye stakabadhi, mkulima akiwa anaona, kabla ya kusaini. Malalamiko hayo yalikuwa yanaletwa kwangu, na niliona yakipungua kadiri msimu ulivyokwenda. Zamu nyingine nazo ziliufuata utaratibu huo."

Yeye kwenye kumbukumbu zake aliandika malalamiko "yalikwisha". Mimi niliandika "yalipungua", kwa kuwa hayakwisha. Malalamiko ya wakulima hayaishi popote yanapopimwa mazao. Tofauti hiyo ni ndogo machoni pa mwombaji na ni kubwa kwa anayesaini. Mwajiri akinipigia kuuliza, nitakachosema ni nilichokiona. Kwa hiyo unapomkumbushia bosi wako, mpe matukio aliyokuwepo au yaliyofika mezani kwake. Usimwandikie kwamba uliongeza ufanisi kwa asilimia arobaini kama hajawahi kuiona hiyo arobaini. Akiiweka, ataulizwa ilipimwaje. Akiiacha, umempotezea muda. Na vyovyote vile ameanza kukutilia shaka kwenye mengine.

Matukio mawili matatu yanatosha. Nimewahi kupokea kurasa nne za mafanikio kutoka kwa dada mmoja, kila kitu alichofanya tangu siku ya kwanza, pamoja na kuchaguliwa mweka hazina wa timu ya netiboli. Nilikaa na kurasa zile kuliko ambavyo ningekaa bila kitu, kwa sababu sasa ilinibidi nichague, na kila nilichoacha niliona kama namdhulumu.

Kuna hili la "andika wewe, mimi nitasaini". Mabosi wengi wanasema hivyo, nami silaumu, mtu mwenye wafanyakazi mia hawezi kumwandikia kila mmoja. Ila si la kulianzisha wewe. Ukituma barua iliyokamilika bila kuombwa, imejaa "mchapakazi, mwadilifu, mbunifu", unamweka mtu mahali pagumu: ama asaini maneno yasiyo yake, ama aanze kukufuta. Akikuomba mwenyewe uandike, andika yale ambayo si maoni ya mtu: tarehe, cheo, ukubwa wa kundi, matukio kama yalivyotokea. Pale panapohitaji hukumu yake weka nafasi na swali, kwa mfano: "Hapa naomba useme kwa maneno yako, uliniona vipi nikisimamia watu?" Atajibu kwa sentensi mbili zenye sauti yake, na hizo mbili zitaiokoa barua nzima. Maana wapokeaji wanagundua. Barua mbili kutoka kwa mabosi wawili wasiofahamiana, mmoja wa Iringa na mwingine wa Tukuyu, zote zina "ni mtu wa kujituma pasipo kusukumwa" kwenye aya ya pili, na zote zina kosa lile lile la nukta. Nani hataona mkono ni mmoja? Na kama tangazo linasema barua itumwe na mdhamini mwenyewe, au iwe kwenye bahasha iliyofungwa, maana yake hawataki uisome wala uiguse. Hapo peleka kumbukumbu tu, uiache.

Yapo na ya miguu na mikono. Mabosi wa zamani wengi hatuna printa nyumbani. Mwingine amestaafu yuko kijijini, mtandao unashika akipanda kwenye kilima cha migomba. Mwombaji mjanja anauliza: "Mama, niichapishe steshenari nikutumie kwa basi la Tukuyu usaini, au utasaini kwenye simu?" Kwa barua isiyo ya siri hilo linaokoa siku mbili tatu. Lakini nauli ya kifurushi lipa wewe, kwenda na kurudi, na namba ya kondakta mtumie bosi. Zaidi ya hapo pesa usitume. Kuna kijana alinirushia "ya vocha" kabla sijaandika hata mstari. Nilimrudishia, kwa sababu barua iliyotanguliwa na pesa nitaisainije nikijisikia huru? Akitaka kuniletea kilo ya mchele wa Kyela baada ya kazi kupatikana, huo ni ujamaa na mlango wangu uko wazi.

Maombi ya vyuo na ufadhili yana tabu yake ya pekee: mara nyingi mfumo wao unamtumia mdhamini kiungo kwenye barua pepe, na fomu inajazwa humo humo. Barua hiyo inatoka kwenye anwani asiyoijua, kwa Kiingereza, ina kitufe cha kubonyeza. Sisi tumeshaonywa kuhusu matapeli, kwa hiyo wengine wanaifuta, na mara nyingine inajificha yenyewe kwenye Spam. Mwambie siku ile ile unapowasilisha jina lake: itatoka kwa nani, kichwa chake kitasomekaje, kiungo kinafungwa lini, na kama hajaiona kufikia jioni atazame Spam. Thibitisha pia barua pepe anayoitumia sasa. Ile ya kazini ilifungwa siku alipoacha kazi, na mfumo hautakuambia kwamba barua haikufika.

Simu nazo zimewaponza watu. Unaweka jina la mtu kwenye wasifu bila kumwambia, halafu siku moja mchana yuko juu ya bodaboda, inaita namba inayoanza na 026, sauti inauliza: "Unamfahamu fulani?" Nilishapigiwa hivyo. Jibu la mtu aliyeshtukizwa ni "fulani... fulani yupi?" na huko upande wa pili tayari kalamu imeandika. Hakukuwa na ubaya wowote moyoni, ila hiyo sekunde ya kutafuta sura kichwani inasikika. Kijana wa mapokezi alipoitwa kwenye usaili alinitumia mistari miwili: amepita hatua ya kwanza, wanaweza kunipigia wiki ijayo kutoka Njombe, na watauliza zaidi kuhusu kuongoza watu. Waliponipigia nilikuwa nachuma chai, mikono imelowa, lakini mizani na stakabadhi vilikuwa mdomoni.

Kuhusu kukumbusha, aliahidi kwenye barua pepe kwamba atanikumbusha mara moja tarehe 21, wiki moja kabla ya mwisho, na akafanya hivyo hivyo. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Shikamoo mama, ni ile barua ya Njombe, mwisho Ijumaa ijayo. Kuna kitu nikuongezee?" Swali hilo la mwisho ni la busara, kwa sababu linanipa nafasi ya kusema nilipokwama badala ya kujitetea kwa nini sijatuma. Nilikuwa nimekwama kweli. Sikujua kama nimtaje msimamizi mkuu wa wakati ule. Akanijibu, nikamaliza usiku huo.

Wiki tatu zinatosha, na mwezi si mwingi. Chini ya wiki moja inawezekana kama mtu anakujua sana, lakini kubali kwamba utapata barua ya haraka. Na tazama majira ya kazi ya unayemwomba. Mtu wa maparachichi usimwombe malori yakiwa yamepanga foleni getini. Mwalimu usimwombe wiki ya kusahihisha mitihani. Mtu wa fedha usimwombe mwisho wa mwezi.

Swali ninaloulizwa na vijana ni kuhusu aliyeondoka vibaya: aliachishwa, au aliondoka kwa maneno. Ushauri wangu ni kwamba usimwombe yule mliyegombana naye ukitumaini amesahau. Tarehe anasahau, ugomvi hasahau. Mtafute aliyekusimamia kwa kazi fulani hata kama hakuwa bosi wako mkuu: msimamizi wa zamu, mkuu wa stoo, aliyekufundisha mashine. Sema wazi kwenye ujumbe wako kwamba hukumaliza vizuri na ofisi, ili asije akaambiwa na mwajiri mpya akabaki ameshangaa. Hati ya utumishi idai kwa ofisi, hiyo haitegemei kupendwa.

Njombe hawakumchukua kijana wangu. Walichukua mtu wao wa ndani. Aliniambia siku aliyopata jibu, kwa mistari miwili, akashukuru, akaomba nisiifute barua. Miezi michache baadaye aliomba kazi ya aina hiyo hiyo kwingine, akatuma ujumbe wenye jina la mwajiri mpya, anwani, tarehe ya mwisho, na jambo moja tu jipya: huyu wa sasa anasisitiza kumbukumbu za kwenye kompyuta. Nilifungua faili la zamani, nikabadilisha anayeandikiwa, nikaipandisha juu ile aya ya kompyuta, nikairefusha kwa sentensi moja kuhusu alivyokuwa akijaza usomaji wa mizani msimu wa pili, nikatuma kabla chai ya jioni haijapoa.